Kumkopa Ndugu Bila Kumbana: Tarehe ya Marejesho kwa Wafanyabiashara wa Dagaa wa Kirando

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wachakataji na wafanyabiashara wadogo wa dagaa, Kirando, Wilaya ya Nkasi

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwomba ndugu mkopo kwa heshima na kwa uwazi. Mada hii inahusu mikopo midogo ndani ya familia, isiyo na riba. Haichukui nafasi ya ushauri wa kisheria, wala haigusi taratibu za vikundi na taasisi, ambazo zina kanuni zake.

2. Maana ya maneno

Mkopo hurudishwa, msaada haurudishwi. Mkopaji hupokea, mkopeshaji hutoa. Haya tunayajua sote, kwa hiyo naomba tuingie kwenye tatizo lenyewe.

3. Tatizo kuu: ahadi isiyofuata ziwa

Migogoro mingi ya ndugu niliyoshiriki kuisuluhisha huku mwambao haikutokana na mtu kukusudia kudhulumu. Ilitokana na ahadi ya aina mbili: “nikipata nitakurudishia” au “mwisho wa mwezi nitakuwa nayo.” Ahadi ya kwanza haina tarehe. Ya pili ina tarehe ya mtu wa mshahara, na sisi hatuishi kwa mshahara. Nimelisema hili katika vikao vingi, na bado tunaahidi vilevile.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Fedha ya Kirando huja wakati wa giza. Hata hapo haiji mara moja: dagaa waanikwe, wapakiwe, wapande Namanyere hadi Sumbawanga, wauzwe, ndipo fedha ishuke. Mvua ikinyesha wakiwa mchangani, mzigo huharibika.

Ndugu anayekopesha naye ana kalenda yake. Mkulima wa mahindi wa uwanda wa Ufipa hushika fedha baada ya kuvuna na kuuza. Ifikapo Novemba anahitaji mbegu na mbolea ya kupandia. Ukimrudishia Januari, umeharibu shamba lake la mwaka mzima, hata kama umelipa kila senti. Kwa hiyo ombi la mkopo ni kazi ya kupatanisha kalenda mbili, ya ziwa na ya shamba, kabla mdomo haujafunguliwa.

4. Mfano wa hesabu

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tumchukue mama mfanyabiashara aliyetoka katika miezi hiyo akiwa na shilingi 150,000. Namba hizi ni za mfano. Kila mmoja ataweka zake.

Safari moja ya maana inamtaka 300,000 kwa dagaa, magunia, usafiri na ushuru. Anapungukiwa 150,000. Mzigo akiuuza 360,000, faida ni 60,000. Katika giza moja anafanya safari mbili, faida 120,000. Nyumbani wanatumia 40,000, zinabaki 80,000. Hapo ndipo anapoona ukweli: kila giza anaweza kulipa 75,000 bila kugusa mtaji wake. Deni litaisha baada ya giza la pili, si la kwanza.

Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19 Agosti, 18 Septemba na 17 Oktoba. Akikopa 20 Agosti, giza la kwanza linakwisha katikati ya Septemba. Akiongeza siku chache za kuuza mzigo wa mwisho, analipa 75,000 tarehe 22 Septemba na 75,000 tarehe 21 Oktoba. Baba yake mdogo aliyeko Sumbawanga, mkulima aliyemkopesha, anapata fedha yote kabla ya kupanda.

Mama huyohuyo angeahidi mwisho wa Agosti, siku hiyo fedha yake yote ingekuwa ndani ya magunia. Angeacha kupokea simu, na baba mdogo angeamini amedhulumiwa.

5. Ombi lenyewe

Baada ya salamu na kujuliana hali, jambo lisemwe bila kuzungushwa. Kuanza na orodha ya shida, mtoto anaumwa, ada inadaiwa, kunamfanya ndugu aone kwamba akikataa ni katili. Huko ni kumbana. Kumtuma bibi akuombee, au kuomba mbele ya wageni, au kwenye kundi la simu la ukoo, ni kumbana pia. Ombi liwe la watu wawili, kwa mfano:

“Shikamoo baba mdogo. Poleni na kazi. Nina ombi la mkopo. Naomba unikopeshe shilingi 150,000 nijazie mtaji wa dagaa. Nitarudisha 75,000 tarehe 22 Septemba na 75,000 tarehe 21 Oktoba, baada ya kila giza. Niambie kama tarehe hizo zitakuingilia kwenye kilimo. Ukiwa huna nafasi, nitaelewa kabisa. Naomba jibu kufikia Jumapili.”

Ombi hili lina kiasi, kazi ya fedha, chanzo cha marejesho, tarehe, na mlango wa kukataa. Siku za kujibu ni muhimu, kwa sababu baba mdogo hukaa na mama mdogo wakashauriana. Kabla ya siku hiyo usipige simu kukumbusha.

Akikataa, jibu ni moja: “Ahsante baba kwa kunisikiliza.” Usiulize sababu. Akitoa 80,000 badala ya 150,000, usipokee kwa haya tu. Piga hesabu upya, maana mzigo mdogo huliwa na gharama za usafiri, na huenda kiasi hicho kikazaa deni bila faida.

6. Mambo yakiharibika

Mvua au upepo ukivuruga giza la pili, dalili huonekana mapema: safari moja imefanyika badala ya mbili. Siku hiyohiyo mjulishe mkopeshaji, kabla ya tarehe ya malipo, ukiwa na kiasi ulichonacho na tarehe mpya. Taarifa ikitolewa kabla huitwa taarifa. Ikitolewa baada ya kuulizwa huonekana kisingizio.

7. Mapendekezo

(i) Mkopaji apige hesabu ya safari kabla ya kuomba.

(ii) Tarehe ya marejesho ifuate giza, pamoja na siku za kuuza, na itajwe kwa kalenda.

(iii) Mkopaji aulize ni lini mkopeshaji mwenyewe atahitaji fedha.

(iv) Mikopo kutoka kwa ndugu wakulima ilipwe kabla ya Novemba.

(v) Ombi lisipitie kwa wazee, wageni wala kundi la ukoo.

(vi) Lisitolewe msibani wala harusini, mahali ambapo kukataa ni aibu.

(vii) Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, na pande zote mbili ziuhifadhi.

(viii) Anayerudisha kwa simu atume na ya kutolea, ili mkopeshaji apate fedha yake kamili.

(ix) “Nikipata” isitumike kama tarehe. Narudia: isitumike.

(x) “Mwisho wa mwezi” iachiwe wenye mshahara.

(xi) Atakayechelewa aseme kabla ya tarehe.

(xii) Mkopaji asikope tena kwa ndugu yuleyule kabla deni la kwanza halijaisha.

(xiii) Vikundi vya wachakataji viandike ukutani tarehe za mwezi mpevu za mwaka mzima, ili kila mwanachama anayetaka kukopa achague tarehe anayoweza kuitimiza.