Runinga Ifungwe Ukutani

Wasikilizaji wa Kyela mjini, Ipinda, Matema na kule bandarini Itungi, leo nazungumza na wenye watoto wadogo na runinga iliyokaa juu ya meza bila kufungwa popote.

Runinga bapa ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaotudanganya. Ya inchi 32 ina kilo tano hivi. Husimama kwa miguu miwili ya plastiki, na kutoka katikati ya uzito wake hadi ncha ya mbele ya mguu ni kama sentimita tisa tu, ilhali kimo chake ni sentimita 45. Piga hesabu hapo: anayeuvuta ukingo wa juu anahitaji nguvu ya kuinua kilo moja ya mchele, basi, runinga imeshamfuata. Mtoto wa miaka miwili anayejishikiza ili amguse sungura wa katuni anayo nguvu hiyo, na chenji inabaki.

Runinga ya chogo ina hatari yake. Ya inchi 21 hufika kilo 20 na zaidi, na uzito mwingi uko mbele, kwenye kioo. Ilipokuja bapa sebuleni, chogo ikahamishiwa chumbani juu ya kabati la nguo. Hapo droo zinageuka ngazi. Mtoto akivuta droo mbili na kukanyaga ya chini, kabati zima linainama mbele na chogo inatangulia kushuka. Kwa hiyo kuifunga chogo kwenye kabati ambalo lenyewe halijafungwa hakusaidii kitu. Vyote viwili vitamwangukia pamoja. Na rimoti msiiweke juu ya runinga, wala pipi, maana mtoto hapandi bila sababu.

Sasa kufunga. Nyuma ya runinga bapa kuna matundu manne ya skrubu. Hayo ndiyo ya braketi ya ukutani, na hata usipotundika, matundu mawili ya juu hushika mikanda miwili imara inayokwenda ukutani. Mkanda ukazwe, usibaki mrefu, kwa sababu ukilegea runinga itainama kabla haijazuiliwa.

Tatizo letu ni ukuta. Nyumba nyingi huku ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, kisha zikapigwa plasta ya saruji. Kwa nje unaona ukuta mgumu, ndani kuna viungo laini. Mwangalie fundi anapotoboa, soma vumbi linalotoka. Kwanza litakuwa la kijivu, hiyo ni plasta. Likigeuka jekundu na drili ikaendelea kugoma, yuko kwenye tofali, aendelee. Drili ikizama ghafla na vumbi likawa la kahawia, amegonga kiungo cha udongo. Tundu hilo aliache, asogee sentimita tatu au nne juu au chini. Fundi mwenye haraka ataziba kwa kijiti na kukwambia imeshika. Mkatalie.

Skrubu nayo iwe ndefu. Plasta inakula sentimita mbili, kwa hiyo skrubu ya sentimita tano inashika tofali kwa tatu tu. Chukua ya sentimita saba au nane, pamoja na plagi yake ya plastiki inayolingana na tundu. Msumari wa kawaida hauna kazi hapa, kwani ukivutwa mara kwa mara unatoka kama ulivyoingia. Akimaliza, shika mkanda uuvute kwa nguvu zako zote mbele yake, kabla hujamlipa.

Nyumba ikiwa ya mianzi na udongo, usitafute tofali usilokuwa nalo. Funga kwenye nguzo. Na mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki atoboe, achague meza fupi, pana na nzito, aifungie runinga hapo na kuisogeza hadi ukutani, waya zipite nyuma mtoto asizifikie. Huko ni kupunguza hatari tu, si sawa na ukuta.

Kuna kipindi kimoja kinanitia wasiwasi kuliko vyote, nacho ni masika. Mto ukianza kujaa, watu wa mabondeni hupandisha vitu: kiti juu ya meza, runinga juu ya kiti. Maji yakipungua, mnara ule unabaki siku kadhaa kwa sababu sakafu bado mbichi, na watoto wameshinda ndani kwa mvua. Wakati huo runinga ilazwe kitandani, kioo kikiangalia juu, hata kama mtakosa taarifa ya habari. Mvua hizo hizo hufanya skrubu zishike kutu, kwa hiyo masika yakiisha, ivute tena ile mikanda.

Na ikitokea imemwangukia mtoto kichwani, mpelekeni hospitali hata kama ameinuka na kucheza. Akitapika au akawa na usingizi usio wa kawaida, msingoje kupambazuke.