Alama ya Programu na Karatasi ya Mtihani: Kujifunza Kuchapa kwa Vidole Kumi

Nitazungumzia mwanafunzi mmoja tu. Ni mama wa miaka 34 aliyekuja kwangu wiki saba kabla ya usaili wa vitendo wa kazi ya ofisini. Alikuwa akichapa kwa vidole viwili, macho yakiwa kwenye kibodi, maneno 24 kwa dakika. Alikwishajaribu programu za simu. Hizo nilimwambia aziache: kwenye simu kinachozoezwa ni vidole gumba, na kwenye kibodi kazi ya gumba ni kubonyeza nafasi tu.

Tulianza na keybr.com. Programu hii haikupi maneno ya kweli tu. Inakutungia maneno yanayotamkika kwa herufi chache, na haikufungulii herufi nyingine mpaka zile za kwanza zifikie kasi iliyowekwa, ambayo kwa kawaida ni maneno 35 kwa dakika. Nilimfunika mikono kwa kanga, vidole vya shahada vikipapasa vile vinundu vidogo vilivyo kwenye F na J. Dakika 20 asubuhi, 20 jioni. Wiki ya kwanza kasi yake ilishuka hadi 11 na akataka kuacha. Kushuka huko ni kawaida, kwa sababu mkono unaacha njia uliyoizoea kabla haujaishika mpya. Anayerudia vidole viwili akiwa kazini mchana na kufanya mazoezi usiku hukwama hapo miezi. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba hata barua za kazini ataziandika polepole, kwa vidole kumi.

Tatizo lililonifundisha mimi mwenyewe lilijitokeza wiki ya nne. Kwenye Monkeytype, programu nyingine ya mazoezi, alikuwa amefika 41. Nikampa waraka wa Kiswahili uliochapwa kwenye karatasi, dakika tano. Alibonyeza mara 760. Programu nyingi huhesabu mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo, kuwa neno moja, hivyo 760 ni maneno 152, yaani 30 na kitu kwa dakika. Aliacha makosa 12. Ukitoa kosa moja kwa neno moja, anabaki na 28 kwa dakika. Yale 13 yalikwenda wapi?

Sehemu ilipotelea kwenye lugha. Chukueni sentensi hii: "Wananchi wanakumbushwa kulipa ada." Ina mibonyezo 34, na minane kati yake ni herufi a, ambayo kwenye kibodi ya kawaida ni ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Jirani yake w ni ya kidole cha pete cha mkono huohuo, na "wa" iko kila mahali katika Kiswahili. keybr ikipangwa kwa Kiingereza huanza na herufi kama e, ya kidole cha kati chenye nguvu, na w huja baadaye sana. Yule mama alikuwa amezoeza vidole kwa ajili ya lugha nyingine. (Sentensi hiyohiyo ina maneno manne kwa macho, lakini karibu saba kwa hesabu ya mibonyezo. Ulizeni mapema msahihishaji anahesabu vipi.)

Sehemu nyingine ilipotelea kwenye mpangilio. Monkeytype ukiifungua bila kugusa kitu inakupa maneno mafupi ya kawaida, bila herufi kubwa, bila vituo, bila tarakimu. Waraka una tarehe, kumbukumbu namba na mabano. Tuliwasha `punctuation` na `numbers`, kisha tukaingia `custom` na kubandika nyaraka za Kiswahili tulizochapa wenyewe. Asiye na bando aweke Klavaro, ya bure, inayofanya kazi bila mtandao.

Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa macho. Programu inaweka maandishi palepale unapochapa na kukupakia rangi nyekundu ukikosea. Karatasi haifanyi hivyo. Mama huyu alikuwa akiinua macho kwenye skrini kila baada ya maneno mawili kutafuta ile nyekundu, na akirudi kwenye karatasi amepoteza mstari. Wiki tatu zilizobaki tulipunguza programu hadi dakika 10 za kuchangamsha vidole. Muda mwingine wote alichapa kutoka kwenye karatasi iliyosimamishwa upande wa kushoto, skrini ikiwa imefunikwa kwa gazeti, na masahihisho ya moja kwa moja ya Word yakiwa yamezimwa. Kosa alilazimika kulisikia kidoleni. Mwishoni alikuwa akilisikia kweli: mkono unasita, anabonyeza Backspace, anaendelea bila kuangalia.

Siku ya jaribio letu la mwisho alipata 36 kwenye karatasi, makosa matatu. Yote matatu yalikuwa kwenye tarehe na kiasi cha fedha. Safu ya tarakimu bado anaichungulia.