Saa Chache, Nguo Nyingi: Tushone Ipi Kwanza?

Kila mmoja na awe na kalamu na karatasi karibu, maana leo tutaandika tarakimu, na tarakimu zisikilizwazo tu bila kuandikwa hupotea upesi. Walio darasani na walimu wao, mwalimu na aziandike ubaoni tunapozitaja.

Katika somo lililopita tulijifunza neno mchango. Mchango ni fedha inayobaki katika bei ya kitu kimoja baada ya kuondoa gharama zinazobadilika, yaani zile zinazoongezeka kila unapotengeneza kimoja zaidi. Fedha hiyo ndiyo inayochangia kulipa kodi ya chumba na gharama nyingine za kudumu, na ikizidi hapo ndiyo faida. Leo tutauliza hivi: ikiwa huwezi kutengeneza vyote ambavyo wateja wanavitaka, utengeneze kipi kwanza? Swali hili hupenda kutokea katika mitihani ya uhasibu, na watu wengi hulikosa ingawa kujumlisha na kugawanya wanajua sana.

Tuseme kuna karakana ya ushonaji mjini Morogoro. Ni mwezi wa Desemba. Shule zitafunguliwa Januari, na wazazi wamejaa mlangoni wakitaka sare. Mama mwenye karakana ana cherehani nne. Kila cherehani hufanya kazi saa 8 kwa siku, na mwezi una siku 25 za kazi. Zidisheni: 4 mara 8 mara 25. Mmepata saa 800. Cherehani ya tano hana, na umeme ukikatika usiku hawezi kuongeza saa.

Anashona nguo za namna tatu. Andikeni:

Shati la shule: bei shilingi 15,000, kitambaa, nyuzi na vifungo 7,000, malipo ya fundi 3,000, mchango 5,000.
Sketi ya marinda: bei 22,000, kitambaa na vifaa 9,000, malipo ya fundi 4,000, mchango 9,000.
Suti ya mwanamume: bei 90,000, kitambaa, bitana na vifaa 48,000, malipo ya fundi 18,000, mchango 24,000.

Angalieni kwamba fundi hulipwa kwa kila nguo anayoimaliza, ndiyo sababu tumeyaondoa malipo yake. Kama angelipwa mshahara ule ule wa mwezi, ashone asishone, malipo hayo yangekuwa gharama ya kudumu nasi tusingeyaondoa hapa. Katika mtihani someni maneno ya swali kwa makini kabla ya kukata shauri hilo.

Wateja wa Desemba wanataka mashati 300, sketi 240 na suti 60. Shati moja hukaa kwenye cherehani saa 1. Sketi, kwa sababu ya marinda yake, saa 1 na nusu. Suti saa 6.

Kazi ya kwanza ni kuona kama kweli kuna upungufu. Msiruke hatua hii. Mashati yataka saa 300. Sketi 240 mara saa 1 na nusu ni saa 360. Suti 60 mara 6 ni saa 360 vilevile. Jumla ni saa 1,020, nazo saa tulizo nazo ni 800 tu. Zimepungua saa 220. Basi saa za cherehani ndizo zinazomzuia mama huyu asipate zaidi, nasi tutaziita kikwazo. Kitambaa kipo dukani tele, na mafundi wapo. Kama saa zingetosha, kusingekuwa na swali la kuchagua: angeshona zote, maana kila moja ina mchango.

Sasa fundi mkuu anamwambia, "Mama, suti ndiyo yenye pesa. Tumalize suti zote kwanza, kisha sketi, mashati yafuate." Maneno yake yana sura ya akili. Suti moja huleta 24,000, na shati 5,000 tu. Lakini je, suti imekula nini katika kuleta hizo 24,000? Imekula saa 6 za cherehani. Kwa saa hizo 6 zingeshonwa sketi 4, na sketi 4 huleta 36,000.

Hapa ndipo penyewe. Kilicho haba kwa mama huyu ni saa. Wateja anao, tena wengine atawarudisha. Basi haimfai kuuliza kila nguo inaleta kiasi gani. Aulize kila saa inaleta kiasi gani. Gawanyeni mchango wa kila nguo kwa saa inazokula:

Shati: 5,000 kwa saa 1, ni 5,000 kwa saa.
Sketi: 9,000 kwa saa 1 na nusu, ni 6,000 kwa saa.
Suti: 24,000 kwa saa 6, ni 4,000 kwa saa.

Sketi ni ya kwanza, shati la pili, na suti, iliyokuwa ikitamba mbele, imekuwa ya mwisho.

Tuzigawe saa 800 kwa kufuata safu hiyo. Sketi 240 zitakula saa 360, zimebaki 440. Mashati 300 yatakula 300, zimebaki 140. Saa 140 zatosha suti 23, ambazo hula saa 138. Saa 2 zinabaki bila kazi, kwani nusu ya suti haiuziki. Mchango wa sketi ni 2,160,000, wa mashati 1,500,000, na wa suti 552,000. Jumla ni shilingi 4,212,000.

Tukimfuata fundi mkuu, suti 60 huleta 1,440,000 na kula saa 360. Sketi 240 huleta 2,160,000 na kula saa 360 nyingine. Zinabaki saa 80 za mashati 80, yaani 400,000. Jumla ni 4,000,000 kamili. Cherehani ni zile zile na mafundi ni wale wale, lakini shilingi 212,000 zimepotea. Zaidi ya hayo, wazazi wa mashati 220 wamekwenda kwa jirani, na mzazi akikosa shati kwako huenda hata sketi akainunua huko huko.

Sasa shikeni kalamu sawasawa, kwa maana mtego mkubwa wa mtihani upo hapa. Karakana ina gharama za kudumu, kama kodi ya nyumba na mshahara wa mlinzi, shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Mtoa swali huweza kuzigawa gharama hizo sawasawa kwa nguo zote 600, kila moja 2,500, kisha akakuandikia faida ya kila nguo: shati 2,500, sketi 6,500, suti 21,500. Mwanafunzi aliyesikia kwamba sharti agawanye kwa saa, anagawanya faida hiyo. Shati linampa 2,500 kwa saa, sketi kama 4,333, suti kama 3,583. Tazameni! Suti imelipita shati. Mwanafunzi huyu amegawanya kwa saa kama alivyofundishwa, lakini anaangukia mpango ule ule wa fundi mkuu na kupoteza zile 212,000.

Kosa lilianzia wapi? Kodi ya nyumba pamoja na gharama nyingine za kudumu ni 1,500,000, mama ashone suti au asishone. Kuipachika kwenye shati moja moja hakubadili kitu kwa mwenye nyumba. Kunabadili sura ya karatasi tu. Shati limetwishwa 2,500 kwa saa moja ya kazi, na suti imetwishwa 2,500 hizo hizo kwa saa sita, kwa hiyo shati limeonewa. Ukikuta faida katika swali, irudishie kwanza gharama ya kudumu iliyoondolewa, upate mchango, ndipo ugawanye. Gharama za kudumu ziondoe mara moja tu, mwishoni: 4,212,000 toa 1,500,000, faida ni 2,712,000.

Wakati mwingine swali huongeza ahadi. Tuseme kwaya moja imekwisha kulipa arbuni ya suti 30. Hizo hazingoji zamu. Zitengeeni saa 180 mwanzo kabisa, zimebaki 620. Kisha fuateni safu: sketi saa 360, na mashati 260 kwa saa 260 zilizobaki. Mchango wote unakuwa 4,180,000. Kuitimiza ahadi kumepunguza 32,000. Mimi naona si ghali kwa kulinda jina la karakana, lakini ni vizuri mama aijue bei yake.

Turudi kwenye mpango wa kwanza, usio na ahadi. Jirani anasema, "Nitakukodisha cherehani yangu, kila saa 2,500." Je, akubali? Wengi hutazama ile 6,000 ya sketi na kusema saa moja ina thamani ya 6,000. Sivyo. Sketi zimekwisha kushonwa zote, na mashati pia. Saa ya nyongeza itakwenda kwenye suti, ambako huleta 4,000. Basi 4,000 ndiyo bei ya juu kabisa anayoweza kumlipa jirani bila kupata hasara. Kwa 2,500 akubali. Akikodi saa 220 atalipa 550,000, atamaliza suti 37 zilizobaki, nazo zitamletea mchango wa 888,000. Anabaki na 338,000 zaidi. Lakini asikodi hata saa moja zaidi ya hizo 220, maana hakutakuwa na mteja wa kumshonea.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa kikwazo kikiwa kimoja. Kama kitambaa nacho kingekuwa haba, mngepanga safu mara mbili, mara moja kwa saa na mara moja kwa mita. Safu zikilingana, endeleeni. Zikipingana, kugawanya peke yake hakutoshi. Huchorwa mistari kwenye karatasi ya miraba, nasi tutaichora katika somo lijalo.

Zoezi la juma hili: umeme umekatika mara nyingi, na saa za cherehani zimeshuka kutoka 800 hadi 600. Ahadi ya kwaya haipo. Andikeni mpango mpya wa mama huyu na mchango wake wote, kisha semeni anaweza kumlipa jirani hadi shilingi ngapi kwa saa moja ya kwanza. Kabla ya kuandika 4,000, tazameni tena ni nguo gani iliyobaki inangoja.