Joto, Mngurumo na Mwendo wa Laptopu katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi wa kompyuta na wapima ardhi



1. Utangulizi

Katika ofisi za wapima na wanajiolojia wa mikoa yetu hii miwili, kazi iliyokuwa ikifanywa zamani kwa kalamu, rula na karatasi za ramani leo hufanywa na laptopu, na aghalabu ndiyo kazi nzito kuliko zote inazopewa: kuunganisha mamia ya picha zilizopigwa na droni juu ya rundo la mawe ili kupata ujazo wake, au kuchora umbo la mwamba wenye dhahabu kwa vipande vidogo vidogo vya hesabu. Kazi ya namna hiyo huchukua saa nyingi mfululizo, na malalamiko yanayoletwa kwa fundi ni yale yale: mashine ilianza vizuri, kisha ikapata moto, ikanguruma, na hatimaye ikapunguza mwendo. Nia yangu leo ni kubainisha kwamba kupungua huko kwa mwendo si maradhi bali ni hukumu inayotolewa na mashine yenyewe kwa hesabu iliyo wazi, na kwamba fundi aijuaye hesabu hiyo anaweza, kwa kuangalia kiasi cha upungufu tu, kujua taksiri iko wapi.

2. Asili ya joto

Umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka ukiwa joto. Hakuna sehemu yake inayogeuka kuwa kitu kingine cha kutajika. Prosesa ikila wati 28, ni sawa na kusema kwamba kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha kinatoa wati 28 za joto, na joto hilo halina budi kuondolewa papo hapo linapozaliwa. Kiasi chake hufuata kanuni hii, ambamo P ni nguvu, C ni mzigo wa umeme wa transista, V ni volteji, na f ni idadi ya mapigo kwa sekunde:

```
P ≈ C × V² × f
```

Lililo muhimu humo ni kwamba mwendo hauongezwi peke yake, maana ili transista zipige haraka zaidi ni lazima volteji nayo ipandishwe, na kwa kuwa volteji huzidishwa kwa nafsi yake, joto hupanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo, takriban kwa mchemraba wake. Kwa hiyo ile sehemu ya mwisho ya mwendo, ambayo muuzaji huiandika kwa fahari juu ya boksi, ndiyo ghali kuliko zote kwa joto. Na kinyume chake, mashine inayokubali kupoteza mwendo kidogo hupunguziwa joto jingi. Tutaikumbuka nukta hii tutakapofika kwenye dalili.

3. Njia ya joto na sababu ya mngurumo

Kutoka katika chipu, joto hupita kwanza katika utando mwembamba wa pesti, kisha huingia katika bomba bapa la shaba. Ndani ya bomba hilo mna maji machache katika ombwe, ambayo huvukizwa upande wa chipu, yakasafiri kama mvuke hadi upande wa pili, yakapoa na kuwa maji tena na kurudi kwa kunyonywa na utambi ulio ndani ya kuta zake. Upande huo wa pili umeunganishwa na mapezi membamba ya shaba au alumini, yaliyopangwa kwa mwanya wa milimita moja hivi, na feni ndogo huvuta hewa kutoka chini ya mashine na kuisukuma kati ya mapezi hayo hadi nje. Mwenye kuufahamu mgodi wa Bulyanhulu, ambako watu hufanya kazi chini kwa chini, hatapata taabu kuelewa: kama vile chini ya ardhi, hapa pia kazi yote huishia katika swali la hewa kiasi gani inapita na kwa njia pana kiasi gani.

Mtengenezaji aliyekusudia laptopu iwe nyembamba amejinyima eneo la mapezi na upana wa feni, na kilichosalia mkononi mwake ni kuizungusha feni hiyo ndogo kwa kasi. Hapo ndipo mngurumo unapozaliwa. Feni ikizungushwa mara mbili ya kasi yake ya awali, hewa inayosukumwa huongezeka mara mbili tu, lakini sauti hupanda kwa takriban desibeli 15, ambazo sikio la mwanadamu husikia kuwa ni zaidi ya maradufu. Mngurumo, basi, si dalili ya ubovu. Ni gharama ya wembamba.

4. Hesabu ya nyuzi na wati

Njia yote hiyo, kuanzia chipu hadi hewa, inaweza kupimwa kwa namba moja: chipu inazidi hewa ya chumba kwa nyuzi ngapi kwa kila wati moja. Namba hiyo tuiite ukinzani. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi au karibu na hapo, na zikikifikia hujipunguzia volteji na mwendo hadi joto linalozaliwa lilingane na joto linaloweza kutoka.

Tuchukue mfano wa laptopu ambayo ukinzani wake ikiwa safi ni nyuzi 2 kwa wati, ikiunganisha picha za droni kwa wati 28, katika chumba kisicho na kiyoyozi mjini Geita, alasiri, hewa ikiwa nyuzi 33. Wati 28 mara 2 ni nyuzi 56. Ongeza 33, chipu inatulia kwenye nyuzi 89. Imepona. Sasa iache mashine hiyo hiyo ipitiwe na kiangazi kizima, Juni hadi Oktoba, barabara za vumbi jekundu zikipitiwa na malori, na vumbi lile lijikusanye kati ya feni na mapezi, mahali ambapo halionekani kwa nje, likafanya tandiko kama la pamba. Ukinzani ukipanda hadi 2.6, wati 28 zinadai nyuzi 73, na pamoja na 33 za chumba tunapata 106. Jambo hilo haliruhusiwi; kwa hiyo prosesa inajibana hadi ifike wati zisizozidi 26, maana nyuzi 67 zilizosalia kati ya 33 na 100, zikigawanywa kwa 2.6, ndizo hizo.

Haya basi, mwenye mashine anaipeleka kwa fundi Mwanza, katika duka lenye kiyoyozi la nyuzi 22. Nyuzi 73 juu ya 22 ni 95. Mashine inafanya kazi bila kujibana hata kidogo, fundi anasema kwa yakini kwamba haina kasoro, na wote wawili wamesema kweli. Kosa ni la kipimo, kwa kuwa tatizo lililozaliwa kwenye nyuzi 33 limetafutwa kwenye nyuzi 22.

Fauka ya hayo, kuna taathira ya mwinuko. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi yote inayolizunguka iko juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya nane, joto la hewa likiwa sawa. Feni inasukuma ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa, ambao ndio unaobeba joto, umepungua. Kwa hiyo laptopu iliyotulia Tanga au Dar es Salaam huweza kunguruma zaidi Shinyanga kwa kazi ile ile, wala haijaharibika.

5. Kutambua taksiri kwa kiasi cha upungufu

Sasa tuirejee ile kanuni ya mchemraba. Katika mfano wetu prosesa imeshuka kutoka wati 28 hadi 26, na kwa kuwa joto hupungua kwa kasi kuliko mwendo, mwendo wenyewe umepungua kwa sehemu chache tu katika mia. Hivyo vumbi la kawaida na joto la chumba huleta mngurumo mwingi na upungufu mdogo. Madhali mwendo umeanguka hadi nusu, au umekwama kwenye megahezi 800 hivi, basi prosesa imenyimwa sehemu kubwa ya umeme wake, na hapo usitafute vumbi kwanza: tafuta feni iliyokufa, bomba lililoachana na chipu, pesti iliyokauka na kupasuka, au chaja isiyo na wati za kutosha.

Ili kutenganisha sababu hizo, anzisha kazi nzito na utazame mambo mawili kwa pamoja, mwendo na nyuzi. Mwendo huonekana katika Task Manager, ukurasa wa Performance, mahali palipoandikwa Speed. Ukishuka baada ya nusu dakika hivi ilhali chipu iko nyuzi 75 au 80, hilo ni agizo la mtengenezaji, ambaye huruhusu wati nyingi kwa muda mfupi tu. Halina tiba wala halihitaji tiba. Ukishuka pole pole nyuzi zikiwa zimegota kwenye 100, ni njia ya joto. Ukishuka ghafla mashine ikiwa baridi, shuku chaja. Windows nayo huandika kumbukumbu pale mwendo unapobanwa na programu ya msingi ya mashine, na inaweza kuulizwa hivi katika PowerShell:

```
Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Microsoft-Windows-Kernel-Processor-Power'; Id=37}
```

6. Mapendekezo

Kwanza, usafi ufanywe kwa kufungua kifuniko cha chini na kuondoa tandiko la vumbi kutoka upande wa feni. Kupuliza kwa nje kupitia mapezi aghalabu hulirudisha tu ndani. Feni ishikwe isizunguke inapopulizwa, maana kuzungushwa kupita kiasi huharibu beringi zake, na upepo wa kompresa ya gereji usitumiwe, kwa sababu huja na maji na mafuta.

Pili, pesti isibadilishwe kwa mazoea. Ibadilishwe pale ambapo mapezi ni safi, feni inazunguka, na chipu ingali inaruka hadi nyuzi 100 katika sekunde chache za mwanzo. Kuruka huko kwa ghafla ni ushahidi kwamba joto halivuki hata hatua ya kwanza ya safari yake.

Tatu, na hili ndilo ninaloliomba liwe desturi ya kila karakana ya Geita, Kahama na Shinyanga: mashine isipokewe wala isirudishwe kwa mwenyewe kabla haijafanyishwa kazi nzito kwa dakika 20, alasiri, nje ya kiyoyozi, na nyuzi za chumba, nyuzi za chipu na mwendo wake vikaandikwa kwenye risiti. Kipimo kisichotaja joto la chumba hakina thamani, na fundi asiyekiandika hana haki ya kusema kwamba laptopu ni nzima wala kwamba ni mbovu.