Kiingereza Rahisi Si Kosa

Msikilizaji, nikikuambia "jana mvua kubwa ili...", wewe umeshanimalizia: ilinyesha. Programu nyingi ambazo walimu wanazitumia kukamata insha za akili bandia zinategemea mchezo huohuo. Zinapita neno baada ya neno zikipima: neno linalofuata lilikuwa rahisi kukisia? Yakikisika kwa urahisi mengi mno, zinasema ni mashine. Yakiwa ya kushtukiza, ni mtu.

Sasa mchukue kijana wetu aliyesoma sekondari Tanzania, ambaye Kiingereza kwake ni cha darasani tu, akitoka mlangoni anakiacha. Anatumia maneno machache anayoyaamini. Anafupisha sentensi kama alivyofundishwa, na nahau anazikwepa asije akateleza. Uangalifu wote huo programu inausoma kama dalili ya mashine.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 za aina hii. Walizipa insha 91 za TOEFL, mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, pamoja na insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani. Zote ziliandikwa na binadamu. Za Wamarekani zilipita karibu zote. Zile za TOEFL, kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine, na 18 zilikataliwa na programu zote 7 kwa kauli moja.

Kisha likaja la kuchekesha, kama si la kusikitisha. Insha zilezile za TOEFL wakaipa ChatGPT izipambe kwa msamiati wa mzawa wa lugha. Tuhuma zikashuka hadi takriban asilimia 12. Yaani mashine ilipotia mkono kweli, ndipo kazi ikaaminika kuwa ya mtu!

OpenAI, haohao wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya ukaguzi Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima ya Turnitin. Walipiga hesabu: hata kosa likiwa asilimia 1 tu, kwa kazi 75,000 za mwaka mmoja, 750 zingesingiziwa.

Na mwanafunzi akisingiziwa, atajitetea kwa lipi? Aliyenakili kitabu utamwonyesha ukurasa alikoiba. Hapa hakuna ukurasa, kuna asilimia tu kwenye skrini.

Kwa hiyo, mwalimu, usimpe mtoto sifuri kwa asilimia hiyo. Mwite. Mwombe rasimu zake, mwambie akueleze hoja ya aya ya pili kwa mdomo, hata kwa Kiswahili. Kisha weka insha hiyo kando ya zile alizoandika mbele ya macho yako darasani, uzisome mwenyewe.