Rafiki Yangu Amefika

Mwanafunzi wetu wa darasa la sita ameuliza kama sentensi yake, "Rafiki yangu mpya amefika," ina kosa. Mwenzake amemwambia aandike "rafiki wangu," kwa kuwa rafiki ni mtu.

Mwanangu, umeandika sawasawa, usifute kitu. Mwenzako naye hakukosea kuona kwamba rafiki ni mtu, na ndiyo maana kitenzi kimechukua "a-." Lakini majina ya uhusiano yenye umbo la ngeli ya I-ZI, kama rafiki, jirani, baba, mama, dada na shangazi, huchukua vimilikishi vya ngeli hiyo: rafiki yangu, dada yako. Wakiwa wengi utasema, "Dada zangu wamefika."

Angalia sasa mwanzo wa neno. Mtoto, mke na mjomba wana "m-" ya ngeli ya A-WA, kwa hiyo ni mtoto wangu, mjomba wangu. Mnyama mmoja pia ni "wangu": mbwa wangu amepotea.

Tahadhari moja: "yangu" hiyo haivuti "ya." Tunasema "rafiki wa Juma."