Doa Kwenye Ngozi: Macho Hayatoshi, Shika Pamba

Maneno ya muuguzi mmoja kwa wanachama, kwenye mkutano wetu hapa Kakanda



Mliniomba niongee juu ya madoa ya ngozi, juu watu wengi kati yetu wako nayo, na kila mtu anasema lake. Huyu anasema ni shampinyo, yule anasema ni mbalanga, mwingine ananong'ona kwamba ni ukoma, na kisha mwenye doa anaanza kuvaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Leo nataka mtoke hapa mkijua jambo moja: rangi ya doa haiwezi peke yake kuonyesha ukoma. Kinachoonyesha zaidi ni kama ngozi inasikia ama haisikii.

Tuanze na zile mbili ambazo si ukoma.

Ya kwanza ni choa, ile tunaita shampinyo. Inapenda kifua, mgongo, mabega na shingo, mahali jasho linakaa. Madoa ni mengi, madogo, na yanaungana. Ukikwaruza taratibu kwa ukucha, unaona unga mwembamba unatoka. Inaweza kuwasha kidogo wakati wa jasho. Kuna nyingine ya duara, ambayo ukingo wake umeinuka na una vipele, katikati pamepona, na hiyo inawasha sana. Zote mbili zinasikia ukizigusa. Mujue tena kwamba choa ikishakufa kwa dawa, rangi inaweza kuchukua miezi kurudi. Basi doa kubaki jeupe baada ya dawa si lazima dawa ilishindwa.

Ya pili ni mbalanga, ambayo waganga wanaita vitiligo. Hii ni nyeupe kabisa, kama maziwa ama chaki. Inapenda kuzunguka mdomo na macho, vidole, magoti, na mara nyingi inatoka pande mbili za mwili. Hata nywele za mahali pale zinaweza kuwa nyeupe. Haina unga na inasikia vizuri. Haiambukizi mtu, hata mkilala kitanda kimoja.

Sasa ukoma. Doa lake haliwi jeupe kama maziwa. Limefifia tu, ama lina wekundu kidogo. Mara nyingi ni kavu, halitoi jasho, na manyoya yamepungua pale. Mgonjwa atakuambia: «Haiko inawasha, haiko inauma.» Na hapo ndipo hatari iko. Kitu kisichouma, nani atakifuatilia? Kijidudu cha ukoma kinaingia ndani ya mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari ya moto na maumivu, na kinaiua pole pole.

Kupima si kazi ngumu, lakini inataka utaratibu. Chukua pamba safi, ivute kidogo mpaka iwe na ncha nyembamba. Mgonjwa akiwa na macho wazi, mguse kwenye ngozi nzuri, umwambie: «Kila mahali utasikia, weka kidole chako pale.» Akishaelewa, afunge macho. Gusa ngozi nzuri, kisha doa, kisha ngozi nzuri tena, bila kufuata mpango ambao anaweza kuukisia. Gusa tu na kuinua. Usipapase, juu pamba ikiburutwa inasukuma hata ngozi ya kando. Na usimwulize «unasikia?» kila mara ukigusa. Ukiuliza, umeshamwambia kwamba umegusa, na atasema ndiyo hata kama hasikii. Sindano na moto, hapana kabisa.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 36, alikaa kambini Zambia, akarudi. Ana doa chini ya kiwiko, kubwa kama kifuniko cha chupa. Kwenye famasi walimuuzia pomadi ya shampinyo, akamaliza tube tatu. Doa halikubadilika. Siku moja, akigeuza bukari, mkono uligusa sufuria kwenye babula, na aliona lengelenge kabla ya kusikia moto. Tunampima: ngozi nzuri tunagusa mara 10, anaonyesha zote 10. Kwenye doa tunagusa mara 10, anaonyesha 2. Tunamwomba avue nguo, mama muuguzi akiwa naye, na tunapata doa la pili kwenye tako, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliona. Tunashika nyuma ya kiwiko, pale ukigonga unasikia umeme, na mshipa umevimba kama kamba. Kidole kidogo kimeanza kulegea.

Huyu ni ukoma. Doa lililofifia ambalo hakika halisikii linatosha kumwanzishia dawa. Madoa yakiwa moja mpaka tano, na mshipa haujaguswa, dawa ni miezi 6. Yakizidi tano, ama mshipa ukiwa umeguswa kama kwa mama huyu, ni miezi 12. Dawa zenyewe ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, pamoja kwenye plakete. Kila mwezi dozi kubwa inamezwa mbele ya muuguzi, zingine nyumbani kila siku. Siku ya rifampisini mkojo unakuwa mwekundu, si damu. Klofazimini inatia ngozi weusi, na weusi huo unapungua pole pole baada ya dawa kwisha. Mtu akianza dawa, upesi anaacha kuambukiza, basi hakuna sababu ya kumtengea sahani.

Mkono wa mama huyu unahitaji haraka. Kulegea kwa mshipa kukiwa bado chini ya miezi 6, munganga anaweza kutoa predinisoloni na nguvu inaweza kurudi. Ukichelewa, dawa itaua kijidudu, lakini kidole kitabaki kimekunjika.

Pamba nayo ina mipaka yake. Usoni, ngozi ina mishipa mingi, na doa la ukoma linaweza kusikia. Doa changa sana pia linaweza kusikia bado. Na kuna ukoma wenye madoa mengi yanayong'aa, ama vivimbe masikioni, bila ganzi pale. Hao munganga anachukua maji kidogo ya ngozi kwa darubini. Kwa hiyo doa ambalo limemaliza dawa ya shampinyo vizuri na halijabadilika kabisa, hata kama linasikia, lionyeshwe kituoni na lipimwe tena baada ya miezi michache. Na krimu za kung'arisha ngozi ziache kwanza: zinaficha shampinyo, na zenyewe zinafifisha rangi.

Kwa sisi tuliorudi kuna neno moja zaidi. Ukoma unachukua kama miaka 5 kabla ya kuonekana, na wakati mwingine 20 ama zaidi. Doa la leo linaweza kuwa limeanzia kule tulikokaa. Basi muuguzi akikuuliza ulilala nyumba moja na nani miaka ile, usikasirike. Anatafuta wengine wa kupima. Na ukiwa kwenye dawa na unataka kuhama, pitia kituoni kwanza, uchukue karatasi yako inayoonyesha plakete ngapi umemaliza.

Kwa wafadhili wetu wanaosoma gazeti hili: dawa ya ukoma ni ya bure, tangu 1995 Shirika la Afya Duniani linaitoa hivyo. Kinachomkatisha mgonjwa ni nauli ya kila mwezi kwenda kumeza dozi ile kubwa. Nauli ya miezi 6, ama ya 12, ndiyo mchango unaookoa vidole.

Pamba iko hapa mezani, na chumba cha kando kiko na pazia. Mwenye doa aingie mmoja mmoja, bila haya.